Barua pepe kwa wazabuni ambao hawakushinda: lini itumwe, iseme nini, na mlango ubaki wazi vipi

*"Niko ofisi ya ununuzi katika shule binafsi ya bweni hapa Moshi. Tulitangaza zabuni ya vyakula vikavu vya mwaka 2026, wakajitokeza wazabuni 9 na mmoja ameshinda. Natakiwa kuwaandikia wale 8 barua pepe fupi, ya heshima, ambayo haitawafanya wasirudi mwakani. Mwaka jana tulituma ujumbe mmoja kwa wote; wawili walipiga simu kwa hasira na wengine hatujawaona tena. Niandike nini, na nianze na nani?"*

Kabla ya kuandika neno lolote, chukua ripoti ya tathmini uwagawe hao 8 kulingana na hatua ambayo kila mmoja aliishia. Zabuni ya vyakula kwa kawaida hupita hatua tatu: ukaguzi wa nyaraka, upimaji wa sampuli, kisha ulinganisho wa bei. Aliyeishia kwenye nyaraka hakukosa kwa sababu ya bei, na huenda bei yake haikuangaliwa kabisa. Aliyefika kwenye bei alikuwa na mzigo mzuri na karatasi zake zilikuwa sawa. Ukiwaandikia wote sentensi moja, "zabuni yenu haikukidhi vigezo", yule wa bei utakuwa umemwambia uongo, na yule wa nyaraka hutakuwa umemwambia kitu. Simu za hasira hutokea hapo. Mfanyabiashara wa Mbuyuni au Kiborloni anaelewa kukosa tenda, maana amekosa nyingi. Kinachomuuma ni kukosa bila kujua alikwama wapi, kwa sababu hajui mwakani abadilishe nini, na asipojua anaona kurudi ni kupoteza muda wake na nauli.

Ili tuwe na kitu cha kushika, tuseme watatu waliishia kwenye nyaraka: mmoja leseni yake ya biashara ilikuwa imekwisha muda, mmoja hakuambatisha hati ya kutodaiwa kodi ya TRA, na mmoja alileta bahasha baada ya saa ya mwisho. Wawili waliishia kwenye sampuli: mahindi ya mmoja yalikuwa na unyevu mwingi, na maharage ya mwingine hayakuiva sawasawa jikoni. Watatu waliobaki walifika hadi kwenye bei. Hesabu yako itakuwa tofauti, lakini mgawanyo wenyewe ni huu huu, na ndio unaokuambia uanze na nani.

Anza na wale wa nyaraka na wa sampuli. Hawa hawawezi kurudi kwenye ushindani hata mshindi akijitoa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwaweka wakisubiri. Kamati ikishasaini ripoti ya tathmini, barua zao ziende. Mfanyabiashara mdogo aliyeweka dhamana ya fedha taslimu kwako amefunga mtaji ambao ungeweza kununua magunia kadhaa. Kumcheleweshea jibu kwa wiki sita ni kumtoza gharama ambayo haikuandikwa kwenye zabuni.

Wale watatu wa bei ni habari nyingine, na hapa ofisi nyingi hujikwaa. Zabuni ya mtu ni ahadi aliyoitoa kwako kwa bei fulani kwa muda fulani. Ukimwandikia kwamba hukumchagua, ahadi hiyo imekufa, na huwezi kuifufua peke yako siku mshindi akikataa kusaini. Utalazimika kumpigia aliyekuwa wa pili na kumwomba atoe bei upya, naye yuko huru kuipandisha. Kwenye mahindi ataipandisha kweli, kwa sababu bei hupanda kadiri tunavyozidi kuyaacha mavuno nyuma. Kwa hiyo wa bei wasubiri mpaka mshindi asaini mkataba.

Kusubiri huko kuwe na mwisho. Chukulia bahasha zilifunguliwa tarehe 20 Oktoba 2025 na tangazo lilisema zabuni zitakuwa hai kwa siku 60. Muda huo unaishia tarehe 19 Desemba. Kama mshindi amepewa barua ya ushindi tarehe 17 Novemba na siku tano za kujibu na kusaini, basi mkataba ukisainiwa Ijumaa tarehe 21, barua za wale watatu zinatoka Jumatatu asubuhi tarehe 24. Mshindi akiteleza, bado una karibu mwezi mzima wa kumgeukia wa pili kwa bei yake ile ile. Mambo yakichelewa kupita tarehe ya matokeo mliyoitangaza, waandikie wa bei mistari miwili: tathmini bado inaendelea, matokeo yatatolewa kabla ya tarehe fulani. Usimdokeze yeyote kwamba yuko wa pili. Akijua hivyo atakupigia kila siku, na siku mshindi akijitoa atajua wazi kwamba unamhitaji.

Haya yote ninayasema kwa kuwa shule yenu ni binafsi na inanunua kwa fedha zake. Shule ya serikali, halmashauri au taasisi yoyote ya umma inafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na mchakato unapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Huko wazabuni wote hupewa taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, ikimtaja anayekusudiwa kupewa na sababu za wengine kukosa, kisha kuna muda wa kulalamika kabla mkataba haujasainiwa. Barua pepe ya kistaarabu haichukui nafasi ya taarifa hiyo. Na kama sehemu ya chakula chenu inalipwa na mfadhili, soma masharti yake kabla ya kufuata ratiba niliyotoa, kwa sababu wafadhili wengi nao wanataka wazabuni wapewe nafasi ya kulalamika kabla ya mkataba.

Sasa barua yenyewe. Hii ni ya mzabuni aliyefika kwenye bei:

> Mada: Matokeo ya zabuni Na. VV/01/2026 ya vyakula vikavu
>
> Ndugu (jina la mzabuni au kampuni),
>
> Asanteni kwa kushiriki zabuni yetu ya vyakula vikavu vya mwaka 2026. Tunasikitika kuwajulisha kwamba zabuni yenu haikuchaguliwa safari hii.
>
> Nyaraka zenu zilikamilika na sampuli zenu zote zilifaulu vipimo. Aliyechaguliwa ni mzabuni ambaye jumla ya bei yake ilikuwa chini ya yenu. Jumla yenu ilipandishwa zaidi na mafuta ya kula na mchele. Mkataba umesainiwa na (jina la mshindi).
>
> Dhamana yenu ya zabuni itarudishwa kwenye akaunti iliyotumika kulipia ifikapo Ijumaa, 5 Desemba 2025.
>
> Zabuni ya mwaka 2027 itatangazwa Oktoba 2026, nasi tutawatumia tangazo kwa anwani hii. Mkihitaji maelezo zaidi, karibuni ofisini Jumatano, 3 Desemba, saa 4:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana.
>
> (Jina, cheo, simu ya ofisi)

Ni aya nne fupi na saini, na kila aya ina kazi yake: jibu, sababu, mali yake, kesho. Ukiona imepita hapo, kuna kitu umekirudia.

Angalia kwamba jibu liko kwenye sentensi ya pili. Tumezoea barua za ofisini zinazoanza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha aya ya historia ya tangazo, gazeti lililotumika na siku bahasha zilipofunguliwa. Kwenye karatasi yenye nembo mtu huvumilia. Kwenye simu, mzabuni anaona mistari mitatu au minne ya kwanza tu, na kama jibu halipo humo anaanza kukisia, na akikisia anatumaini. Kumpa mtu tumaini la mistari kumi halafu kumnyang'anya si adabu. Mada ya barua nayo iseme "Matokeo ya zabuni" na namba yake. Usiweke "Zabuni yenu imekataliwa" kwenye mada, maana huonekana juu ya simu iliyolala kaunta ya duka, mbele ya wateja na wafanyakazi wake.

Maneno machache yanahitaji uangalifu. "Mmeshindwa" kwa Kiswahili hubeba maana mbili, kutoshinda na kutoweza, na msomaji mwenye uchungu atachukua ile ya pili. "Imekataliwa" inafaa tu kwa bahasha iliyochelewa. "Haikuchaguliwa" inasema ukweli ulivyo: kulikuwa na kadhaa, mmoja akachukuliwa. "Kwa bahati mbaya" liache kabisa; zabuni si bahati nasibu, na neno hilo linamfanya mtu aamini kwamba hakuna alichoweza kufanya. "Tunasikitika" inatosha mara moja. Ukiirudia mara tatu inaanza kusikika kama kuna jambo unalificha.

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila barua ya namna hii huwa nayo mwishoni: "Tunawatakia kila la heri katika shughuli zenu." Inasikika vizuri, lakini kwa masikio yetu ni maneno ya kuagana. Humwambii kila la heri mtu unayetarajia kumwona Oktoba. Ikiwa unataka arudi, mwambie atarudi lini na kwa njia gani, kisha weka jina lako. "Msikate tamaa" nayo iondoe, kwa sababu unamwandikia mtu mzima mwenye ghala lake, si mtoto aliyefeli mtihani.

Kuhusu namna ya kumwita: kampuni iandikie kwa wingi, "zabuni yenu", hata kama unajua mwenye kampuni ni mmoja na mnasalimiana kila Jumapili. Mtu binafsi mwandikie "Ndugu" na jina lake kama lilivyo kwenye fomu ya zabuni, kisha endelea na "zabuni yako". Dukani mnaweza kuitana Mangi au Mama Fulani na hakuna tatizo, lakini barua hii inaweza kufika kwa mkewe, kwa mhasibu wake au benki, na jina la utani humo linaonyesha kwamba mnafahamiana naye zaidi kuliko wazabuni wengine.

Tuje kwenye sentensi ya sababu, ambayo ndiyo roho ya barua. Kanuni yake ni kwamba itaje kitu kimoja, kilichopimwa au kinachoonekana, na iwe ndiyo sababu ile ile iliyo kwenye ripoti ya kamati. Kwa yule wa mahindi, usiandike "ubora wa mahindi haukuridhisha". Andika hivi:

> Sampuli yenu ya mahindi ilipimwa na kukutwa na unyevu wa asilimia 15.2, wakati kikomo kilichotajwa kwenye zabuni ni asilimia 13.5.

Kikomo hicho cha 13.5 ndicho cha kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ya nafaka, na mfanyabiashara wa nafaka anakielewa mara moja: mzigo haukukauka, anike zaidi au abadilishe anakonunua. Hawezi kubishana na kipimo, na wewe huna haja ya kumshutumu. Lakini tahadhari: kama zabuni yenu haikutaja kikomo, huwezi kukileta kwenye barua. Hapo utakuwa umemkosesha mtu kwa sharti ambalo hakuliona, na malalamiko yake yatakuwa ya haki. Likikukuta hilo, sema mlichokifanya kweli ("sampuli ililinganishwa na nyingine na ilikuwa na unyevu mkubwa zaidi"), kisha weka kikomo hicho kwenye zabuni ya mwakani.

Kwa yule wa maharage: "Sampuli yenu ilikuwa na mchanganyiko wa maharage ya zamani na mapya, na baada ya kuchemshwa kwa saa mbili sehemu yake ilikuwa bado ngumu." Jiko la shule linajua gharama ya kuni au gesi ya sufuria ambayo nusu imeiva na nusu bado, muuzaji wa maharage naye anajua. Sentensi kama hiyo humpa kazi ya kufanya kabla ya mwakani.

Kwa nyaraka: "Leseni ya biashara iliyoambatishwa iliisha muda tarehe (weka tarehe), kabla ya siku ya kufungua zabuni." Kwa asiyeambatisha hati ya kodi: "Hati ya kutodaiwa kodi, iliyotajwa namba 4 kwenye orodha ya nyaraka za lazima, haikuwemo kwenye bahasha." Taja namba yake kwenye orodha, kwa kuwa mara nyingi mtu huyo anayo hati, ila alisahau kuiweka, na atakuja juu akisema "mbona ninayo!" Namba kwenye orodha inamrudisha kwenye bahasha yake mwenyewe.

Aliyechelewa ana barua ya peke yake, tena fupi zaidi, kwa kuwa bahasha yake haikutakiwa hata kufunguliwa. Usimwandikie kwamba zabuni yake "haikuchaguliwa" wala "haikukidhi vigezo", maana atauliza mlijuaje. Mwandikie: "Bahasha yenu ilipokelewa saa 4:25 asubuhi, baada ya muda wa mwisho wa saa 4:00, kwa hiyo haikufunguliwa. Mnaweza kuichukua ilivyo ofisini." Kisha hakikisha ipo kweli, na gundi yake haijaguswa. Kama mtu wa mapokezi aliifungua kwa makosa, shughulikieni hilo ndani kwanza kabla barua haijatoka.

Sababu ya bei ndiyo ngumu kuliko zote. Kuna kishawishi cha kuandika "bei yenu ilizidi ya mshindi kwa asilimia 6". Inaonekana ni uwazi, lakini mwenye bei yake anapiga hesabu dakika moja na kuipata bei ya mshindi hadi shilingi. Mwakani atakuja chini ya hapo kidogo, mshindi naye amekwisha kujua kwamba wenzake wanajua, na ushindani wenu unaharibika. Ndiyo maana kwenye mfano nimetaja bidhaa zilizopandisha jumla bila kutaja kiasi. Mzabuni anajua akaangalie mafuta na mchele, basi. Hali ni tofauti kama bahasha zilifunguliwa mbele ya wazabuni wote na bei zikasomwa kwa sauti. Hapo jumla ya mshindi si siri tena, na kuitaja kunaondoa uvumi. Bei ya kila bidhaa, hata hivyo, usiitoe kwa hali yoyote.

Jina la mshindi ninashauri litajwe kwa wale wa bei, baada ya mkataba kusainiwa, na iwe imeandikwa kwenye zabuni tangu mwanzo kwamba litatangazwa. Mji wetu si mkubwa. Gari la kwanza likiingia shuleni na magunia, Soko Kuu na Mbuyuni watajua kabla ya chakula cha mchana. Ni heshima zaidi wakilisikia kwako.

Usiandike chochote kuhusu uwezo wa mtu. "Kamati imeona hamna uwezo wa kusambaza kiasi kinachohitajika" ni hukumu juu ya biashara yake, na ikizagaa inaweza kumharibia kwa wateja wengine na kukuletea wewe shida ya kisheria. Kama sharti lilikuwa kuthibitisha mauzo ya awali ya tani kadhaa, sema uthibitisho huo haukuwemo.

Sasa mlango ulio wazi. Uwe mlango ambao upo kweli. "Nafasi nyingine ikitokea tutawajulisha" ni ahadi ambayo hakuna mtu ofisini aliyepewa kazi ya kuitimiza, na mzabuni akiona tangazo la mwakani ukutani bila kupata ujumbe, barua yako nzima inageuka uongo. Afadhali utaje mwezi wa tangazo lijalo, na siku hiyo hiyo uandike kwenye kalenda ya ofisi kazi ya kutuma tangazo kwa anwani hizi. Kama shule hununua vitu nje ya mkataba mkubwa, kwa mfano viungo au sukari ya sherehe, na kamati imekubali kuwaweka wa bei kwenye orodha ya wanaoombwa bei, sema hivyo na utaje orodha inaishia lini. Kamati isipokubali, usiahidi.

Kila mmoja apate mlango unaomfaa. Wa leseni mwambie: "Mkihuisha leseni, mnakaribishwa Oktoba 2026." Wa mahindi mwambie kwamba sampuli zitapimwa tena kwa kikomo kile kile. Lakini aliyeleta hati ya kughushi au aliyejaribu kumpa mtu kitu kidogo, sentensi ya mlango iondolewe yote. Mpe jibu, sababu na dhamana yake kama masharti yanaruhusu, kisha ishie hapo. Ukimkaribisha huyo kwa maneno matamu umempa ushahidi wa maandishi kwamba mlimsamehe.

Dhamana na sampuli watu huzisahau, na ndizo hurudisha hasira wiki mbili baadaye. Kabla ya kuandika tarehe ya kurudisha fedha, muulize mhasibu kama tarehe hiyo anaiweza. Tarehe ya Ijumaa iliyovunjwa ni mbaya kuliko kutokuwa na tarehe. Dhamana ya benki ni karatasi halisi, ichukuliwe kwa saini kwenye daftari. Fedha taslimu zirudi kwenye akaunti au namba ile ile iliyotuma, si kwa "mdogo wangu atakuja kuzichukua". Sampuli zilizopikwa au kusagwa sema zimetumika kwenye vipimo. Zilizobaki toa siku ya mwisho ya kuzichukua, na ueleze zitakakokwenda baada ya hapo. Mzabuni wa Kilombero kule Arusha hawezi kusafiri kilometa 80 kufuata kilo moja ya mchele. Mwandikie kwamba asipoichukua ifikapo Ijumaa, 12 Desemba, itaingia stoo ya shule, nanyi mtakuwa mmemaliza jambo kwa mstari mmoja.

Kutuma: barua moja kwa mtu mmoja. Mwaka jana mlipotuma ujumbe mmoja kwa wote, kama anwani zilikuwa kwenye `To` au `Cc`, kila mzabuni alipata orodha kamili ya washindani wake. Hilo lina madhara mawili. Wafanyabiashara wengi hutumia anwani zenye majina yao binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikuruhusu kuzisambaza hivyo. La pili, orodha hiyo ndiyo kitu pekee kilichokosekana ili waweze kukaa pamoja na kupangiana bei za mwakani, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza lakini wewe utaligundua baada ya kulipa. `Bcc` ingeficha anwani, ila isingekuruhusu kuweka sababu ya kila mmoja. Kwa watu 8, andika barua 8. Ni kazi ya saa moja.

Fungua ujumbe mpya kila mara. Usibonyeze `Forward` wala `Reply` kwenye mazungumzo ya kamati, kwa sababu chini kabisa, mahali usipotazama, kuna maksi na maoni ya wajumbe. Makosa mengine ya kunakili ni jina la mmoja na sababu ya mwingine. Dawa yake ni kumpa mwenzako rasimu zote 8 na ripoti ya tathmini, asome vitu vitatu tu kwenye kila moja: jina, namba ya zabuni, sababu. Wewe uliyeandika huwezi kuyaona tena.

Tuma asubuhi ya siku ya kazi ambayo wewe mwenyewe upo. Ijumaa jioni ni vibaya, maana mtu anakaa na uchungu siku mbili bila wa kumuuliza, na Jumatatu anakuja akiwa amekwisha kuzungumza na kila mtu. Baada ya kutuma, mpigie au mwandikie kwa WhatsApp: "Shikamoo" au "Habari za asubuhi" kulingana na umri wake, kisha "matokeo ya zabuni yapo kwenye barua pepe yenu." Usiweke matokeo yenyewe kwenye WhatsApp. Kisha rudi kwenye kisanduku chako baada ya saa moja. Ukiona ujumbe kutoka `Mail Delivery Subsystem`, barua haikufika. Angalia anwani kwenye fomu yake ya zabuni herufi kwa herufi, na ikishindikana chapisha nakala apelekewe kwa mkono na asaini.

Watakaopiga simu wajibiwe na mtu mmoja, na asiseme zaidi ya kilichoandikwa. Mlinzi, mpishi na mwalimu wa zamu waambiwe wamwelekeze kila mmoja kwenye siku ya maelezo iliyotajwa kwenye barua yake. Siku hiyo mzabuni aonyeshwe karatasi yake mwenyewe: fomu yake, kipimo cha sampuli yake, hesabu ya jumla yake. Za wenzake zibaki kabatini. Akisema kipimo hakikuwa sahihi na sampuli bado ipo, ipimeni mbele yake. Mkikuta mmekosea, rudini kwa kamati siku hiyo hiyo, na yule wa sampuli atajulishwa kwa maandishi kilichoamuliwa. Hii ni sababu nyingine ya kuwatumia wa sampuli mapema, kabla mkataba haujasainiwa: kosa likiwepo, bado linarekebishika.